Kikombe Kilichovimba Kondele: Ahadi ya Lebo Inapoandika Jibu

Video ina sekunde 43. Mama mmoja ameketi sebuleni kwake Kondele, Kisumu, na mbele yake kuna kikombe cha yogati cha mililita 500, mfuniko umetuna kama shavu la mpiga tarumbeta. Anautoboa kwa ukucha. Unatoa mlio, fyuu, na povu la waridi linamwagika juu ya kitambaa cha meza. "Na hii ndiyo tunawapa watoto," anasema, kisha anakigeuza kikombe taratibu ili lebo ionekane yote. Ameiweka TikTok Jumamosi saa moja jioni. Kufika saa nne usiku, video iko kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, ya chama na ya kwaya, na juu yake pana maandishi Forwarded many times.

Kiwanda kilichotengeneza yogati hiyo kiko Njoro, nje kidogo ya Nakuru. Kisa hiki tumekiunda kwa vipande vya visa vingi vya namna hii, kwa hivyo usihangaike kutafuta ni nani. Tunachotaka kuonyesha ni jambo moja: usiku kama huo, jibu zuri halitungwi upya. Linatolewa kwenye ahadi ambayo kampuni ilikuwa imeitoa tayari kwenye lebo yake. Kampuni isiyojua iliahidi nini huanza kuandika kama wakili, na hapo ndipo video ya kikombe kimoja hugeuka kuwa habari ya kampuni nzima.

Watu wakisikia utambulisho wa chapa huwaza nembo, rangi na aina ya herufi. Hivyo vina kazi yake, tutavifikia. Lakini kinachosaidia saa nne usiku ni karatasi moja iliyoandikwa kabla ya shida, yenye mistari mitatu ambayo hata dereva wa gari la kusambaza anaweza kuisoma. Karatasi ya kiwanda chetu cha Njoro inasema hivi. Ahadi: maziwa ya asubuhi, yogati ya kesho. Sauti: tunaongea kama muuza maziwa langoni, kwa ufupi, kwa tarehe na kwa jina. Mwiko: hatufichi tarehe, na hatumtupii lawama mwenye duka anayetuuzia.

Kila mstari unajibu swali ambalo usiku huo litakuwa linawagombanisha watu. Ahadi inaeleza ni kitu gani mteja anaona kimevunjwa. Huyu mama halalamikii ladha wala bei. Aliambiwa yogati ni mbichi, akakuta kitu kinachopumua. Kwa hivyo jibu lisilotaja siku ya kutengenezwa halijajibu kitu, hata likiwa na pole kumi. Sauti inaamua nani aandike na kwa Kiswahili gani. Mwiko unafunga milango ambayo meneja aliyechoka angependa kuikimbilia.

Kutosoma ahadi ndiko kunakofanya kampuni ijibu malalamiko ambayo hayapo. Januari 2022, KFC ya Kenya ilitangaza mtandaoni kwamba chipsi zimeisha kwa sababu meli zimechelewa, ikawapa wateja vyakula vingine vya kuchagua badala yake. Kwa kampuni ile ilikuwa taarifa ya upungufu wa bidhaa. Kwa Wakenya lilikuwa jambo jingine kabisa: kumbe viazi vinatoka ng'ambo wakati wakulima wa Molo na Nyandarua wanatafuta soko? Wito wa kususia ukaenea, na maelezo kwamba wasambazaji lazima wapite ukaguzi wa ubora hayakuupoza haraka, kwa sababu watu hawakuwa wameuliza juu ya ubora. Walikuwa wameuliza ninyi ni nani hapa kwetu. Kabla ya kuandika neno lolote, basi, soma komenti 50 za kwanza na uandike pembeni swali linalorudiwa. Kwenye video ya Kondele maswali ni mawili tu: hii ni ya lini, na watoto wetu wako salama?

Saa ya kwanza haina maandishi ya kutoa nje. Mtu mmoja anaitazama video mara tatu, mara moja bila sauti, akisimamisha kila lebo inapoonekana. Anatafuta namba ya bechi na tarehe. Kwenye sekunde ya 31 inasomeka: bechi 217, itumike kabla ya Agosti 26. Video imetoka Agosti 16, kwa hivyo siku 10 zilikuwa bado. Mtu wa pili anasimamisha matangazo ya kulipia na posti zilizopangwa kujitoa zenyewe. Hili husahaulika mno, na ndilo huumbua: Jumapili saa mbili asubuhi inajitokeza picha ya mtoto akilamba kijiko, "Anza siku na kikombe chako", na chini yake watu wanabandika ile video. Mtu wa tatu anafungua daftari la kusambaza.

Daftari linasema hivi. Bechi 217 ilikuwa lita 300 za yogati ya stroberi. Vilijazwa vikombe 592, kinachobaki kikaishia kwenye sufuria na mabomba. Vikombe 4 viliwekwa kando kama sampuli, kama kila bechi, na 588 vikaondoka kwa maboksi ya vikombe 12: maboksi 17 Nakuru, 12 Kericho, 20 Kisumu. Hizo hesabu ndogo ndizo silaha kubwa kuliko zote mtakazokuwa nazo. Kampuni isiyoweza kusema kikombe cha Kondele kilipita wapi haina jibu, ina matumaini. Tumeona kampuni zenye ofisa wa mawasiliano mzuri na daftari bovu, na daftari ndilo lililowaangusha.

Anayemtafuta mama wa Kondele ampigie simu, asimwandikie tu chini ya video. Na awe mtu anayeweza kumwelewa akihamia Dholuo katikati ya sentensi, jambo litakalotokea akipandwa na hasira. Mazungumzo yanaanza kwa pole na kwa swali la afya: nani amekula, mtoto ana umri gani, anajisikiaje sasa. Kama kuna aliyekula na anaumwa, anaelekezwa hospitali na kampuni inabeba gharama bila kusubiri kujua kosa ni la nani. Kisha anaombwa mambo mawili. La kwanza, kikombe kisitupwe. Kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kiwekwe kwenye friji, mtu atakuja kukichukua na kumwachia risiti. La pili, alikinunua duka gani.

Haombwi kufuta video. Ukimwomba, kesho utaona picha ya skrini ya ombi lako, na hiyo itakuwa mbaya kuliko kikombe. Tena haina faida: WhatsApp huweka yale maandishi ya Forwarded many times ujumbe ukishapitishwa mara tano au zaidi kutoka kwa aliyeutuma mwanzo, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hupitishwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Ukiyaona, ujue nakala zimeshatapakaa kwenye simu za watu usiowajua. Vilevile usimtishe kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Wapo wanaofikiria barua ya wakili ni ukali unaoheshimika, lakini hapa mtu ameonyesha kikombe kilichovimba kweli, na ukimtisha utakuwa umeiambia Kisumu nzima kwamba chapa ya "muuza maziwa langoni" ni mchoro tu wa kwenye lebo.

Sasa tuingie kwenye yogati yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kampuni nyingi husema uongo bila kujua ni uongo.

Mfuniko ukivimba, maelezo mawili huja mdomoni haraka. La kwanza: "Yogati ina bakteria hai, ni kawaida ikiendelea kuchacha." Si kweli. Bakteria wanaotengeneza yogati hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na gesi wanayotoa ni kidogo mno kutunisha mfuniko. Yogati iliyozidi kuchacha huwa kali na hutoa maji juu, haipulizi. Gesi ya namna ile kwenye yogati ya matunda kwa kawaida ni kazi ya hamira za porini, ambazo hupenda asidi na hushangilia zikikuta sukari ya stroberi.

La pili ni tamu zaidi: "Mwenye duka alizima friji." Na mara nyingi alizima kweli. Tokeni za stima ni ghali, maduka mengi ya mtaani huzima friji usiku na kuiwasha asubuhi, na kikombe kilichotakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi hulala kwenye nyuzi 20 na zaidi. Lakini friji iliyozimwa haizai hamira. Maziwa ya yogati huchemshwa hadi nyuzi 85 kwa dakika 30, na hamira hazivumilii joto hilo. Kwa hivyo hamira iliyomo ndani ya kikombe kilichofungwa iliingia baada ya kuchemsha na kabla ya kufunika: kwenye matunda, kwenye vikombe vilivyoachwa wazi, au kwenye mashine ya kujazia. Iliingia Njoro. Joto la Kondele liliipa tu nafasi ya kuzaana. Ndani ya friji nzuri hamira chache zingeweza kufika tarehe ya mwisho bila mtu kuziona, na kiwanda kingeendelea kuamini ni kisafi.

Ndiyo maana ule mstari wa mwiko una thamani kuliko unavyoonekana siku unapoandikwa. "Hatumtupii lawama mwenye duka anayetuuzia" inaonekana kama adabu. Usiku wa video inakuwa kizuizi kinachoizuia kampuni kutoa maelezo ambayo mwanafunzi yeyote wa sayansi ya chakula pale Egerton, jirani kabisa hapo Njoro, angeyabomoa kwa komenti moja. Na kuna la kibiashara pia: maduka mengine yote ya Kisumu yanasoma. Ukimtaja mmoja, Jumatatu wote wanaondoa boksi lako kwenye friji.

Tatizo ni muda. Kupima hamira na ukungu maabara huchukua siku 5, kwa kuwa sampuli hukuzwa kwenye nyuzi 25 hadi zionekane. Hakuna namna ya kuharakisha kwa kupiga simu. Video inahitaji jibu usiku huohuo. Kwa hivyo tamko la kwanza haliwezi kuwa na sababu, na likiwa nayo, imebuniwa. Linaweza kuwa na vitu vinne: tumeiona, ni yetu, tunafanya nini sasa hivi, na lini tutarudi kwenu. Hiyo "ni yetu" ndiyo huwauma mameneja. Lakini kama namba ya bechi inasomeka na daftari linakubali, kusita hakuna maana. Hata hivyo usiseme kabla ya kuhakikisha, maana vikombe vilivyotumika hukusanywa na kujazwa tena mitaani, na ndiyo maana mtu anatumwa kukichukua kikombe chenyewe.

Hii ni rasimu ya kwanza, iliyoandikwa saa nne na nusu usiku:

"Usimamizi ungependa kuwahakikishia wateja wetu wapendwa kwamba bidhaa zetu zote huzingatia viwango vya juu kabisa vya ubora na usafi. Tumepata taarifa za video inayosambazwa mtandaoni na tunachunguza uhalali wake. Tunawasihi wananchi wapuuze uvumi."

Isome ukiwa umeishika ile karatasi ya mistari mitatu. Hakuna tarehe. Hakuna jina. Muuza maziwa gani langoni hujiita usimamizi? "Uhalali wake" inamwita yule mama mwongo, na "uvumi" inawaita waongo wote waliosambaza, ambao ni wateja. "Viwango vya juu kabisa" ni ahadi mpya ambayo lebo haikuitoa, na watu watakudai. Na kwa kuwa umetaja viwango, mtu atatuma kwa SMS namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS kwenda 20023 ili kuithibitisha. Kama kibali kimepitwa na muda bila ninyi kujua, mmejichimbia shimo la pili. Sauti hii si ya kampuni hii, na msomaji hunusa hilo kabla hajajua kwa nini.

Rasimu iliyotoka:

"Tumeiona video ya kikombe kilichovimba Kondele. Ni chetu: bechi 217, kimejazwa Njoro Agosti 5. Yogati haipaswi kuvimba, na kikombe kile hakikupaswa kumfikia mtu. Pole sana mama, tumeongea naye. Kama una kikombe chenye namba 217, usikile hata kama hakijavimba. Kirudishe duka lolote linalotuuzia, utapewa pesa yako bila risiti. Maduka yote ya Kisumu, Kericho na Nakuru tumeyaomba yaitoe bechi hii usiku huu. Sababu bado hatuijui. Vikombe vinaenda maabara Jumatatu, majibu huchukua siku 5. Tutayaweka hapa Jumamosi tarehe 23, yawe mazuri au mabaya. Ni mimi, msimamizi wa uzalishaji," na jina lake halisi.

Angalia mambo mawili madogo. Sentensi "sababu bado hatuijui" ndiyo inayozuia maswali mia, kwa sababu inaeleza pia lini itajulikana. Na aliyetia jina ni msimamizi wa uzalishaji, kwa sababu ndiye ambaye wateja humwona kwenye kurasa za kampuni kila wiki akipokea mikebe ya maziwa. Kama chapa yako imezoea kuonekana na gambuti na koti jeupe, usiku wa shida usimlete mkurugenzi mwenye tai ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tai hiyo yenyewe ni tangazo kwamba mambo ni mabaya kuliko mnavyosema.

Utani? Chapa zenye mdomo mwepesi huuliza. Februari 2018 kule Uingereza, KFC iliishiwa kuku baada ya kubadilisha msafirishaji, ikaomba radhi magazetini kwa picha ya ndoo tupu yenye herufi za jina lake zilizopangwa upya zikawa karibu na tusi. Watu walicheka na kusamehe. Lakini pale mteja alikosa chakula tu. Pakiwa na mtoto aliyekula kitu kinachotoa povu, utani umefungwa, hata kama chapa yako huishi kwa utani mwaka mzima. Hapo ndipo mpaka wa utambulisho ulipo: unaongoza namna ya kusema, haupunguzi hata kidogo kile ambacho usalama unadai.

Sasa rangi na herufi. Tamko huandikwa juu ya picha yenyewe, si kwenye maelezo ya chini, kwa sababu likipitishwa WhatsApp maelezo hubaki nyuma na picha husafiri peke yake. Namba ya bechi iwe ndiyo maandishi makubwa kuliko yote, kubwa kuliko nembo. Rangi iwe ileile ya lebo. Wengine hugeuza nembo kuwa nyeusi ili kuonyesha huzuni, na hilo ni kosa la kiufundi kabla ya kuwa kosa la ladha: ndani ya siku moja au mbili matamko ya uongo huanza kuzunguka, "kiwanda kimefungwa", "bechi zote zina sumu", na njia pekee ya mtu wa Ahero kutofautisha la kweli ni kwamba linafanana na kikombe kilicho mezani kwake. Mkibadilisha rangi, mmewapa waongo nafasi sawa.

Tamko linawekwa kwenye kurasa zenu na kubandikwa juu, kisha linaandikwa kwa ufupi chini ya video ya asili, kwa akaunti ya kampuni. Halafu komenti zinajibiwa, lakini si zote na si kwa kunakili. Anayeuliza "ya vanila je?" ajibiwe kuhusu vanila. Anayetukana aachwe. Kinachofutwa ni kimoja: namba za simu za watu, ziwe za mama wa Kondele au za mwenye duka. Ukikumbuka kwamba mtu wako mwenyewe anaweza kubandika ujumbe wa M-Pesa wa kurudisha pesa ili kuonyesha mmelipa, ukiwa na jina na namba ya mteja, mwambie mapema kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali nia njema.

Gharama ni rahisi kuiogopa na rahisi kuihesabu. Tuseme kati ya vikombe 240 vilivyoenda Kisumu, 150 vimeshauzwa na 90 vipo madukani. Kikombe kinauzwa shilingi 130, na duka hukinunua 105. Hata wote 150 wakirudi, jambo ambalo halitokei kwa kuwa wengi walishakula na kusahau, ni shilingi 19,500. Vile 90 ni shilingi 9,450. Ukiongeza Kericho na Nakuru kwa namna hiyohiyo, bechi nzima haifiki bei ya mwezi mmoja wa matangazo ya redio. Ndiyo maana kurudisha pesa "bila risiti" si ukarimu mkubwa. Mtu anayenunua yogati dukani kwa jirani hapewi risiti, na kuidai ni njia ya adabu ya kukataa. Duka nalo lipewe pesa taslimu na msambazaji asubuhi, si ahadi ya kukatwa kwenye oda ijayo, vinginevyo litamwambia mteja "subiri watu wa kampuni waje", na hapo tamko lako limekufa kaunta.

Wanaosambaza kwa gari na boda wapewe sentensi tatu za kusema, zilezile za tamko. Hao ndio chapa kwa watu ambao hawamo TikTok. Dereva akiulizwa Kericho stendi na akajibu "mambo ya mtandao hayo," jibu hilo litafika mbali kuliko posti.

Jumatatu vikombe vinaenda maabara, na kiwandani zile sampuli 4 zinaanza kusema kabla ya maabara. Ziliwekwa kwa mpangilio: moja ya mwanzo wa kujaza, mbili za katikati, moja ya mwisho. Zinatolewa kwenye friji na kuachwa kwenye joto la karibu nyuzi 25. Jumatano jioni cha mwanzo kimetuna. Vya katikati vimeinuka kidogo. Cha mwisho bado kiko bapa. Kama hamira ingetoka kwenye stroberi, ambazo huchanganywa kwa sufuria nzima, vyote vingevimba karibu sawa. Kuvimba kwa cha mwanzo kunaelekeza kidole kwenye mashine ya kujazia: uchafu ulikuwa mdomoni, na yogati ya mwanzo ndiyo iliyoufagia. Mashine inafunguliwa. Ule mpira wa kuzibia kwenye mdomo una ufa mwembamba wa urefu wa ukucha, mahali ambapo sabuni inapita juu na maji ya moto hayafiki ndani. Ukiukunja kwa vidole, ufa unafunguka na ndani kuna utando wa waridi.

Hiyo ndiyo picha ya tamko la pili. Si cheti, si mkutano wa waandishi. Picha ya mpira uliokunjwa kati ya vidole viwili, ikitoka Jumamosi tarehe 23 kama ilivyoahidiwa, saa ileile ya jioni ambayo watu huwa kwenye simu. Maneno ni machache: maabara imekuta hamira, iliingia hapa kwetu kupitia mpira huu, tumeubadilisha, kuanzia sasa mpira unabadilishwa kila miezi mitatu bila kusubiri ufa, na mdomo wa mashine unafunguliwa na kuoshwa ukiwa umetenganishwa kila siku ya kujaza. Kama majibu ya maabara yamechelewa, tamko hutoka siku hiyohiyo likisema yamechelewa. Chapa iliyojijenga juu ya tarehe haina ruhusa ya kupitisha tarehe kimya.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, mnaweza kuongea juu ya friji. Mkishakubali lenu, mwenye duka wa Kondele anasikia tofauti anapoletewa kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya friji na kuombwa asiizime usiku, na kama hawezi, achukue boksi moja mara mbili kwa wiki badala ya mawili kwa mpigo. Mngeanza na hili Jumamosi ile, lingekuwa lawama.

Lebo nayo inaongezwa mstari mmoja, kwa sauti ileile ya langoni: "Kikivimba, usinunue. Tupigie." Kuna atakayesema mstari huo unawakumbusha watu ubaya. Unawakumbusha, ndiyo. Lakini kikombe kingine kikivimba mahali fulani Kakamega, na siku moja kitavimba, mtu ana namba ya kupiga kabla ya kuwasha kamera.

Video haitakufa. Itarudi Novemba, imekatwa tarehe, imeandikwa "jana hapa Nakuru". Usiku huo hakuna kuandika upya. Mtu wa zamu anatazama kama lebo inaonyesha 217, anabandika chini yake matamko mawili ya Agosti, la kwanza na la pili, anaandika "Ni ile ya Agosti, bechi 217, mpira ulibadilishwa," anatia jina lake na kwenda kulala. Lebo ikionyesha namba nyingine, anafungua daftari.